Nilivyomsonya baba mkwe kwenye kikao cha mahari

Mi nina mafua ya aleji, yale ya msimu. Mvua zikishashiba na majani yakianza kutoa maua, basi ni chafya asubuhi mpaka jioni, macho mekundu kama nimetoka kilabuni. Na ndio kipindi hichohicho mshenga wangu akaona kinafaa kwenda Njombe kupeleka posa.

Kwa kawaida muoaji hakai kikaoni, ila mzee alisema anataka aione sura ya huyo kijana, kwaiyo nikakalishwa kwenye kigoda pembeni, nikaambiwa nisiongee. Kamwene, kamwene, wageni tukapokelewa vizuri tu. Mama mkwe akaleta sahani ya maepo ya bustanini kwao, yamechumwa asubuhi ileile, ganda bado lina baridi. Mzee akanichagulia mwenyewe kubwa kuliko yote. Sasa ukweni unakataaje? Nikang'ata, nikamaliza na ganda lake kuonyesha adabu.

Hazikupita dakika tano, midomo ikaanza kuwasha. Ikahamia kwenye ulimi, ikapanda paa la kinywa, ikashuka kooni mpaka ndani ya masikio. Aisee kama hujawahi kuwashwa koo kwa ndani hujui mateso, maana kidole hakifiki. Dawa ni moja tu, unabandika ulimi juu, unauvuta nyuma kwa nguvu ujikune. Tatizo ni sauti inayotoka pale.

Mzee akakohoa, akasema, "Kwa binti yetu, tunaomba ng'ombe sita."

Mi: "Msyoooo."

Kimya. Baba mdogo akashusha kikombe cha ulanzi. Mshenga akanifinya paja akaninong'oneza, "We mjinga, ndo unafanya nini?" Mzee akajikaza, akasema labda nimeona ng'ombe ni wengi, basi tuongelee la blanketi la bibi. Nami wakati huo koo linawaka, sikujiweza, nikaachia mwingine mrefu kuliko wa kwanza, tena hapo hapo bibi ananiangalia usoni. Bibi akasema kwa Kibena kitu ambacho mpaka leo mke wangu anakataa kunitafsiria.

Aliyeniokoa ni shangazi mtu, nesi mstaafu. Aliniona navyojifuta machozi akasimamisha kikao. "We baba, hebu fungua mdomo." Akamulika na tochi ya simu. Akauliza unameza mate vizuri? Koo linabana? Kifua? Kizunguzungu, kutapika? Akanipandisha shati mbele ya wakwe kutafuta mabaka. Hamna. Sauti yangu nayo haikuwa imekwaruza. Akasema ingekuwa hata kimoja kati ya hivyo tungeacha mahari tukimbilie hospitali, maana wachache huwa inawapanda mpaka wanashindwa kupumua. Ila kama inaishia mdomoni, niache kula, ninywe maji, mara nyingi ndani ya nusu saa au lisaa inatulia yenyewe.

Alaf akaniuliza swali la ajabu: nyanya mbichi je? Nikashtuka. Kachumbari huwa inaniwasha mdomo kila siku nasingizia pilipili, wakati mchuzi wa nyanya hizohizo za Ilula nakunywa na bakuli sipati kitu. Akacheka akasema ndo penyewe. Kumbe mwili wangu ugomvi wake ni na ile chavua ya majani, sasa kwenye nyanya na epo kuna protini zinazofanana na za kwenye chavua, mwili unazifananisha unaanza vita mdomoni. Protini hizo ni dhaifu, moto unaziharibu, na zikifika tumboni asidi inazimaliza, ndo maana haziendi mbali. Kwenye epo ganda ndo lina nyingi zaidi, yani mi kwa adabu zangu nilimaliza sehemu mbaya kuliko zote. Akaongeza kwamba mtu anayedhurika hata na epo lililopikwa, hiyo ni aleji ya aina nyingine, asicheze nayo, akapimwe.

Mama mkwe kusikia hivyo akaenda kuchemsha maepo na sukari kidogo mpaka yakalegea. Shangazi alinisubirisha kwanza muwasho uishe kabisa, alaf nikaanza na kijiko kimoja huku ukoo mzima umenikodolea macho kama mpira wa penalti. Kimya, hamna muwasho. Nikamaliza bakuli.

Kikao kikarudi. Shangazi akawaeleza wazee yote, chavua, protini, mpaka masikio. Mzee akasikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akasema, "Ugonjwa tumeuelewa, pole sana mwanangu. Lakini msonyo tumeusikia."

Ng'ombe sita, blanketi la bibi, na mbuzi wawili wa faini. Kila msonyo na mbuzi wake.