Kikaratasi cha mseto: msirahisishe mpaka mkala dozi

Nimekasirika kwa kweli. Kikaratasi cha mgonjwa cha dawa ya mseto ya malaria nilichokihariri baada ya mashine kutafsiri kimerudishwa, eti nimeongeza maneno ambayo kwenye Kiingereza hayapo, nirudishe sentensi "fupi na rahisi".

Sentensi yenyewe ni dozi ya mtu mzima, kilo 35 kwenda juu. Mashine ilitoa hivi: "Chukua dozi ya awali ya vidonge 4, ikifuatiwa na vidonge 4 baada ya masaa 8, na kisha vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku mbili zifuatazo." Haya, nakubali, namba zote ziko sawa. Ila mpe mtu anayetetemeka na homa asome uone.

Mkaguzi kapendekeza: "Meza vidonge 4 asubuhi na jioni kwa siku 3." Imenyooka, kila mtu anaelewa, na ukijumlisha ni vidonge 24 vilevile. Ndo hatari ilipo! Mtu katoka kupima hapo Ngamiani, kameza dozi ya kwanza saa 10 jioni. Kwa sentensi hiyo, dozi ya pili ataimeza asubuhi, tuseme saa 1, yani masaa 15 yamepita wakati ilitakiwa saa 6 usiku. Dozi ya pili imesogezwa karibu makusudi, ili dawa ijae mwilini mapema vimelea vikiwa bado vingi. Sasa hapo umerahisisha nini kama umebadilisha tiba?

Mimi niliandika: "Leo: meza vidonge 4 sasa hivi. Hesabu masaa 8, meza vingine 4, hata kama ni usiku. Mfano, ukianza saa 10 jioni, dozi ya pili ni saa 6 usiku. Kesho na keshokutwa: vidonge 4 asubuhi, 4 jioni."

Nikampelekea mama mmoja jirani hapa Makorora, nikamwambia shikamoo mama, hebu soma halafu niambie kwa maneno yako utamezaje. Ile ya mashine alijibu "asubuhi na jioni tu mwanangu". Yangu alisoma, akauliza "sasa hiyo saa sita nani ataniamsha?" Nikajua imeingia.

Kuna mpaka lakini, na hapo mkaguzi ana haki kidogo. Kikaratasi kinasema dawa inywewe na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye mseto huu, bila mafuta mwili unaipokea kidogo sana. Nilitamani niweke wali wa nazi, nikaacha, maana huo ungekuwa ushauri wangu. Mfano wa saa ni hesabu ya kilekile kilichoandikwa, sijaongeza kitu.

Halafu kule chini mashine imegeuza saa 2 asubuhi kuwa "saa 8 asubuhi" na hakuna aliyeliona, ila maneno yangu ndo yameonekana marefu.

Nimewarudishia sentensi yangu vilevile, hesabu ya masaa nimeiandika pembeni. Wakitaka ufupi wapunguze ile aya ya juu ya historia ya malaria, imekula nusu ukurasa.