Maua yanasoma mchana au usiku?

Watafiti Garner na Allard kule Marekani mwaka 1920 ndio waliotupa haya majina, mimea ya siku fupi, inayochanua mchana ukifupika, na ya siku ndefu, inayochanua mchana ukirefuka, na kila mtu akashika kwamba mmea unapima mchana. Mwaka 1938 Hamner na Bonner wakajaribu gugu moja la siku fupi: wakilikatia usiku mrefu kwa mwanga kidogo tu halitoi maua, lakini wakilitia giza kidogo katikati ya mchana wala halijali. Kumbe linapima usiku, tena usiku usiokatwa.

Sasa upande wa usiku una nguvu sana ukiangalia krisanthemamu, ua la siku fupi, kule Naivasha. Huko mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, na krisanthemamu ikipata usiku mrefu hivyo inakimbilia kutoa vichomozo vya maua ikiwa bado fupi, hakuna shina la kuuza. Kwa hiyo mkulima anawasha taa kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 8, na wengine hawawashi mfululizo, dakika 10 inawaka, 20 inazimwa, bili ya umeme inashuka. Piga hesabu: mwanga wote hapo ni dakika 80 tu, yaani giza ukilijumlisha bado linapita saa 10, ila mmea unaendelea kurefuka bila ua kwa sababu hakuna kipande kirefu cha giza kilichoungana. Shina likifika anazima taa, na baada ya wiki 7 hadi 9 hivi anavuna.

Lakini mimi sikubali kwamba mchana hauna kazi. Chukua haiperikamu, ile yenye vitunda vyekundu kwenye mashada, hii ni ya siku ndefu na inataka taa ili ichanue. Mimea mingi ya kundi hili hairidhiki na mwako mfupi wa usiku wa manane, inataka mwanga wa saa nyingi zaidi, na rangi nayo ina neno: elidii nyekundu tupu inazuia krisanthemamu kuchanua vizuri kabisa, ila kwa mimea mingi ya siku ndefu inafanya kazi vizuri zaidi ikichanganywa na ule wekundu wa mbali ambao jicho hata haliuoni vizuri. Kwa hiyo kusema "ni usiku tu" kunafaa kundi moja kuliko lingine.

Shambani utajua tatizo liko wapi kwa kuangalia umbo la doa. Krisanthemamu zimebaki kijani kwa kama nusu duara, na wenzao wamechanua? Tafuta taa ya mlinzi hapo karibu. Kitalu kizima kimetoa vichomozo mapema na mashina mafupi? Hapo umeme ulikatika usiku kadhaa mfululizo, au taima iligoma na hakuna aliyepita usiku kuangalia.