Linki kwenye meseji ya chama: ni yetu, lakini imeandikwa na nani?

«Sisi ni chama cha akiba na mikopo hapa Kisumu, na tuna apu. Kijana anayetutengenezea anataka kila meseji ya kukumbusha rejesho iwe na linki inayofungua moja kwa moja ukurasa wa kulipa. Mweka hazina anasema tutakuwa tunawafundisha watu kubonyeza vitu vya wezi. Nani yuko sawa?»

Wote wawili wako sawa, ila kijana ameuchagua ukurasa usiofaa.

Nianze na upande wake, kwa sababu tatizo analotaka kulitatua nimeliona kwa macho. Nilikaa na mama mmoja anayeuza omena sokoni Kibuye, mwanachama wa chama kingine, nikamwomba alipe rejesho mbele yangu. Akafungua apu, akaweka PIN, akakutana na tangazo la mkutano mkuu. Akalifunga. Akagusa «Akiba», akaona si pale, akarudi. Akagusa «Huduma», akateremka chini akitafuta neno «mkopo». Mteja akaja akitaka gorogoro moja. Alipomaliza kumpimia, apu ilikuwa imejifunga yenyewe na inataka PIN upya. Akacheka, akaiweka simu ndani ya aproni. «Nitalipa jioni, mwanangu.» Pesa alikuwa nazo na nia alikuwa nayo. Alichokosa ni njia fupi, na linki ndiyo njia hiyo: mguso mmoja, PIN, na yuko mbele ya mkopo wake.

Kuna namna mbili za kuitengeneza. Ya kwanza ni anwani ya kujibunia, kama `akiba://rejesho`. Ni rahisi kuandika, na kwa kazi hii haifai. Apu nyingine yoyote kwenye simu inaweza kudai kwamba `akiba://` ni yake. Asiye na apu akiigusa hapati kitu. Tena apu nyingi za meseji haziigeuzi kuwa maandishi ya bluu ya kuguswa, kwa hiyo mwanachama ataiona tu kama herufi zilizokosewa.

Ya pili ni anwani ya kawaida ya tovuti, tuseme `https://akiba.example/rejesho`, ambayo simu imethibitisha kwamba ni ya apu ileile. Android imekuwa nayo tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, na iPhone ikaanza kuwa nayo mwaka huohuo kwenye iOS 9. Uthibitisho unahitaji maneno kutoka pande zote mbili. Ndani ya apu unatangaza anwani na kuweka `android:autoVerify="true"`. Kwenye seva ya tovuti unaweka faili linaloitaja apu, mahali ambapo hapabadiliki, yaani `/.well-known/assetlinks.json`:

```json
[{
  "relation": ["delegate_permission/common.handle_all_urls"],
  "target": {
    "namespace": "android_app",
    "package_name": "example.akiba.wanachama",
    "sha256_cert_fingerprints": ["ALAMA_YA_SAHIHI"]
  }
}]
```

Mstari wenye `sha256_cert_fingerprints` ndio unaowatesa watu, na mimi ulinitesa wiki nzima. Katika kazi moja niliyoifanya, linki ilifunguka vizuri kabisa kwenye simu yangu. Tukatoa apu, meseji zikaenda, na simu zikaanza kulia ofisini: linki inafungua brauza, si apu. Nikaijaribu tena kwenye yangu, ikafunguka. Nikaanza kuwashuku wanachama, jambo ambalo fundi hulifanya anapoishiwa na mawazo.

Chanzo kilikuwa hiki. Apu hutiwa sahihi kabla ya kuwekwa kwenye simu, na alama ya sahihi hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye faili. Mimi niliandika alama ya ufunguo uliomo kwenye kompyuta yangu, ule ninaotumia kupakia kazi Play Store. Lakini Google, inapokutunzia ufunguo wa apu, huitia apu sahihi upya kwa ufunguo mwingine kabla ya kumpa mtumiaji. Simu yangu ilikuwa na apu iliyotoka kwenye kompyuta, kwa hiyo alama zililingana. Za wanachama zilikuwa na apu iliyotoka Play Store, na alama hazikulingana. Tangu Android 12, iliyotoka mwaka 2021, linki ya tovuti isiyothibitishwa huenda kwenye brauza bila kumuuliza mwenye simu lolote. Hakuna onyo wala kosa linaloonekana.

Ukitaka kujua uko wapi, chukua simu yenye Android 12 au zaidi ambayo apu yake imetoka Play Store, iunganishe na kompyuta, kisha andika:

```
adb shell pm get-app-links example.akiba.wanachama
```

Mbele ya jina la tovuti utaona neno `verified`, au namba kama `1024`, ambayo maana yake ni kwamba uthibitisho haukufanikiwa. Juu yake kuna `Signatures`, ambayo ni alama ya apu iliyoko kwenye simu hiyo hasa. Ilinganishe na ile iliyo kwenye faili. Dawa yangu ilikuwa kuandika zote mbili, ya kompyuta yangu na ya Play Store, maana orodha hiyo inaruhusu zaidi ya moja. Kama alama zinalingana na bado haukufanikiwa, tazama kama tovuti inamwelekeza mgeni kwingine, kwa mfano kutoka anwani isiyo na `www` kwenda yenye `www`. Faili hilo linatakiwa lipatikane palepale kwa HTTPS, bila kuzungushwa. Kwa wenye iPhone kuna faili la pili, `apple-app-site-association`, ambalo halina `.json` mwishoni.

Sasa twende kwa mweka hazina.

Hofu yake ya kwanza ni ile inayojulikana na kila mtu. Ukimzoesha mama wa Kibuye kwamba meseji ya chama huja na maandishi ya bluu ya kuguswa, siku mwizi atakapotuma anwani iliyotofautiana na yenu kwa herufi moja, kidole kitakuwa kimeshazoea. Uthibitisho niliousimulia hapo juu haumsaidii hapa hata kidogo. Unaizuia apu nyingine kuiteka linki yenu, lakini haumzuii mtu kufungua tovuti yake mwenyewe inayofanana na yenu na kuomba PIN.

Hofu ya pili sidhani kama ameifikiria, nayo ndiyo inayonifanya nimwegemee. Tuseme kijana, kwa nia njema ya kupunguza kazi ya kuandika, anaruhusu linki ijaze fomu ya malipo:

```
https://akiba.example/lipa?namba=TILL&kiasi=2000
```

Anwani hii ni yenu kweli, na apu itakayofunguka ni yenu kweli. PIN anayoiweka mwanachama anaiweka mahali sahihi. Lakini linki ni maandishi tu, na yeyote anaweza kuyaandika. Mwizi ataacha kila kitu kama kilivyo, abadilishe ile namba ya till iwe yake, kisha aitume kwenye kundi la WhatsApp la wanachama akisema mfumo umebadilika. Mwanachama mwangalifu anayekagua anwani herufi kwa herufi atakuta iko sawa. Uthibitisho unasema linki hii inafunguliwa na apu ya chama. Hausemi iliandikwa na chama.

Ndiyo maana nasema ukurasa uliochaguliwa haufai. Linki impeleke mwanachama kwenye ukurasa wa kuona: mkopo wake, kilichobaki, tarehe. Kulipa aanze mwenyewe kwa kugusa kitufe ndani ya apu, na namba ya kupokelea pesa itoke kwenye seva yenu, isitoke kamwe kwenye anwani. Mama wa Kibuye ataongezewa mguso mmoja juu ya ule wa linki. Huo anaumudu.

Namba ya mkopo nayo isiwe kwenye linki. Nimeona apu iliyotumia `/mkopo/4471`, na ukiandika 4472 unasoma deni la jirani yako, kwa sababu seva iliangalia tu kama umeingia, haikuangalia kama mkopo huo ni wako. Ukaguzi huo lazima uwepo hata hivyo, lakini hapa namba haina kazi: mtu akishaweka PIN, apu inajua yeye ni nani. Basi linki iwe moja kwa wote, `/rejesho`, bila kitu nyuma yake. Akiituma kwa shemeji yake, shemeji ataona mkopo wake mwenyewe, au ataambiwa hana mkopo.

Kijana ajaribu pia jambo ambalo husahaulika sana: kuigusa linki wakati apu imefungwa kabisa. Apu nyingi huomba PIN kisha humtupa mtu ukurasa wa mwanzo, kwa sababu hazikukumbuka alikuwa anaelekea wapi. Hapo mnakuwa mmegharamikia linki ya kumfikisha kwenye tangazo lilelile la mkutano mkuu.

Na nyuma ya anwani hiyo kuwe na ukurasa halisi wa tovuti. Kuna wanaosomea meseji kwenye simu isiyo na apu, na kuna apu za mitandao zinazofungua linki ndani ya brauza yao wenyewe. Ukurasa huo ueleze kwa sentensi mbili jinsi ya kulipa, na usiwe na kisanduku cha PIN. Hapo ndipo mweka hazina anapopata sentensi moja ya kuitangaza mkutanoni na kuirudia: tovuti yetu haiombi PIN, ukiombwa huko, huko siko kwetu.

Msitumie huduma ya kufupisha anwani. Inaficha jina ambalo mnataka watu walizoee, na siku mwenye huduma akifunga duka linki zenu zinakufa naye. Firebase Dynamic Links, iliyotumiwa na apu nyingi kwa kazi hiihii, ilizimwa tarehe 25 Agosti 2025. Jina la tovuti mnalolilipia wenyewe halina shida hiyo, mradi mkumbuke kulilipia.

Wenye kabambe msiwasahau, kwao linki ni herufi tupu. Ningeandika hivi:

```
Rejesho lako la mkopo ni Ijumaa hii. Fungua apu ya chama au piga msimbo wako wa kawaida. Kuona salio: https://akiba.example/rejesho
```

Haifiki herufi 160, kwa hiyo mtalipia meseji moja. Linki iko mwisho na haina nukta, maana baadhi ya simu huimeza nukta ndani ya anwani. Mtumieni kwanza mweka hazina, peke yake, kwenye simu yake iliyopata apu Play Store. Ikimfungulia brauza, mnajua pa kuanzia.