Dinamo ya baiskeli itachaji kitochi, simu ya tachi utapedali mpaka ukome

Kuna watu kila umeme ukikatika wanarudia wazo lilelile, eti nunua chaja ya kuzungusha kwa mkono au funga dinamo kwenye baiskeli na shida ya chaji imeisha. Mimi sizipingi hizi chaja, ninachopinga ni hesabu za kwenye matangazo maana hazisemi ni simu gani inayochajiwa.

Tuanze na zile za mkono, zile ndogo zenye tochi na redio. Ukizungusha kwa mwendo ambao mkono wa kawaida unaweza kuuvumilia, kama mizunguko miwili kwa sekunde, unapata wati 1 au 2 hivi. Zungusha dakika 5 bila kupumzika, kwenye simu yenye betri ya 5000 mAh hujafikisha hata asilimia 1. Na kama kioo kinawaka wakati unazungusha ndo kabisa, simu inakula karibu chote unachoingiza. Kuna namna rahisi ya kujua kama umeme unaingia kweli, sikilizia kishikio: ukichomeka simu kinatakiwa kiwe kizito palepale, kikiendelea kuzunguka kilaini kama mwanzo basi simu haipokei kitu, unafanya mazoezi tu. Nyingi zinakufa mapema pia, kwa sababu gia za ndani ni plastiki na meno yanalika.

Kwenye baiskeli angalau kuna cha kuongea. Chukua Phoenix ya kawaida na ile dinamo ya chupa inayosugua ubavu wa tairi, ubavuni imeandikwa 6V 3W. Hizo wati 3 unazipata ukiwa kwenye mwendo wa kama kilomita 15 kwa saa, na umeme wenyewe unatoka wa kwenda na kurudi, simu haiutaki hivyo, kwa hiyo fundi lazima aweke dayodi 4, kapasita, halafu regyuleta ya kushusha mpaka volti 5. Dayodi zinakula chao, regyuleta inakula chake, betri nayo ikipokea inapoteza kidogo kwa joto, mwisho wa siku kinachokaa ndani ya simu ni kama wati 1.7 tu.

Sasa piga hesabu. Betri ya 5000 mAh inabeba kama wati-saa 19, kwa hiyo saa nzima ya kupedali inakupa kama asilimia 9, na kujaza kutoka sifuri ni saa 11, yaani kilomita 165 hivi, unatoka Dar na Moro unaanza kuinusa 😂. Lakini kitochi chenye betri ya 1020 mAh kinabeba wati-saa 3.8 tu, saa ileile inakijaza karibu nusu, na hiyo nusu mtu anakaa nayo siku kadhaa. Ndo maana Nokia walipozindua chaja yao ya baiskeli Nairobi mwaka 2010 haikuwa utani: walisema dakika 10 kwa kilomita 10 kwa saa zinatosha kuongea dakika 28, na kwa simu za wakati ule ilikuwa inaingia akilini. Chaja haijaharibika tangu hapo, simu ndo zimekuwa walafi.

Kitu kingine ambacho watu wa dinamo hawakwambii ni kusimama simama. Ya Nokia yenyewe ilianza kuchaji ukifika kilomita 6 kwa saa, chini ya hapo hakuna kitu. Kwa bodaboda wa baiskeli anayepakia na kushusha abiria, simu inaanza kuchaji, inakata, inaanza tena, na kila ikianza kioo kinawaka kukutangazia kwamba inachaji, kwa hiyo kile kidogo ulichoingiza kinaliwa na tangazo. Dawa yake ni pawabenki katikati, dinamo ichaji pawabenki kutwa nzima na simu uichomeke jioni ukitulia. Utapoteza kama robo ya umeme njiani lakini simu haitasumbuka.

Na regyuleta usinunue ile ya bei ya kutupa. Ukishuka mlima kwa kasi na simu imeshajaa, dinamo inakuwa haina mzigo na volti zinapaa mpaka 20 na zaidi, regyuleta dhaifu inaungua, na ikiungua vibaya inaachia zote hizo ziende kwenye simu. Mwambie fundi akuwekee inayovumilia volti 40 na kuendelea.

Mvua nayo, tairi likilowa matope kichwa cha dinamo kinateleza na hupati kitu. Na usiku zile wati 3 ndo zilezile za taa, ukichaji taa inafifia. Barabara zetu zenye malori, mimi simu izime tu, taa iwake.