Misimbo ya mahojiano: ipangwe kwa sura za tasnifu au kwa aina ya jambo?

“Nina mahojiano 48 ya wakulima na wanunuzi wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Misimbo, yaani lebo ninazobandika kwenye vipande vya mahojiano, imeshafika 190 kwenye programu ya NVivo, na memo zangu za uchambuzi zimetapakaa. Msimamizi anataka niipange kwa sura za tasnifu, mwenzangu anasema nitajuta. Nimsikilize nani?”

Msimamizi ana hoja. Mpangilio wa sura unaonyesha mapema wapi data ni nyingi na wapi hakuna kitu, na siku ya kuandika sura ya nne unafungua tawi moja tu na nukuu zote zipo. Kwa mahojiano kumi au kumi na mawili, mpangilio huo unatosha kabisa.

Kwa mahojiano 48 hali ni nyingine, na nadhani mwenzako hajaeleweka. Hasemi sura hazina maana. Anasema msimbo mmoja usibebeshwe maswali matatu kwa pamoja: nani kasema, kasema kuhusu nini, na kasema kwa msimamo gani. Tuseme mama mmoja wa Hombolo anakwambia: “Mnunuzi anakuja na bei yake mfukoni, na hela yenyewe naisubiri miezi mitatu.” Ukipanga kwa sura, maneno hayo yanaishia kwenye msimbo kama “Wakulima wanawake – masoko – malalamiko ya malipo”. Kisha unahitaji tawi kama hilo kwa wanaume, jingine kwa wanunuzi, jingine kwa maafisa ugani.

Hapo ndipo misimbo 190 inapozaliwa. Chukua makundi manne ya watu, mada sita na misimamo mitatu: ukivichanganya ndani ya mti mmoja unapata misimbo 72. Ukivitenganisha, una misimbo tisa tu, sita ya mada na mitatu ya misimamo, kwa sababu makundi ya watu hayahitaji msimbo. Yanakaa kwenye Cases, kila mtu na sifa zake: jinsia, kijiji, kazi. Sasa mahojiano ya thelathini yakikuletea mada mpya, mathalani dawa za ukungu, mti uliochanganywa unadai misimbo 12 mipya, huu mwingine unadai mmoja. Na mwenye misimbo 72 hakumbuki yote anaposoma. Atauweka ucheleweshaji wa malipo chini ya wanawake, asahau kwamba kwa wanaume aliuita “kukopwa mazao”, halafu aandike kwamba wanawake ndio wanaoumizwa zaidi na malipo. Hitimisho hilo limetokana na mti wake, wakulima hawakulisema.

Misimbo ikishatengana, Matrix Coding Query inakukutanishia: mada kwenye mistari, jinsia au kazi kwenye safu, na ukibofya kisanduku mara mbili unasoma maneno yenyewe. Safu zikitoka sifuri tupu, kwa kawaida mahojiano yameingizwa kama faili lakini hayajasimbwa kwa Case ya msemaji. Ukikutanisha mada na msimamo, kisanduku kinaokota tu maneno yaliyosimbwa kwa vyote viwili. Ukisimba sentensi moja “malipo” na inayofuata “lalamiko”, hazitakutana, kwa hiyo simba kipande chote kwa misimbo yote miwili.

Msimamizi anaweza kuhofu kwamba majedwali haya yatageuza utafiti wako kuwa wa kuhesabu, na hofu hiyo ni ya haki. Kisanduku chenye 12 kinaweza kuwa mzee mmoja msemaji sana. Angalia ni watu wangapi, kisha usome.

Memo nazo zifuate utaratibu huohuo. NVivo inaruhusu memo moja tu iliyounganishwa na msimbo, kwa hiyo usiandike vijimemo vitano vya “malipo”. Andika moja inayoendelea, kila ingizo na tarehe yake: nini kimebadilika katika unavyouelewa msimbo, na maneno gani yamekubadilisha. Maana fupi ya msimbo iweke kwenye Description. Uamuzi wa kuunganisha au kugawa misimbo uwe na memo yake ya pekee, maana ndiyo utakayoifungua ukiandika sura ya mbinu. Memo inayolinganisha mada mbili isimbe kwa mada hizo ili uipate ukizitafuta. Haitaingia kwenye safu za wanawake au wanunuzi kwa kuwa haina Case, ila itaongeza hesabu ya jumla inayoonekana kando ya msimbo. Usiinukuu hesabu hiyo kwenye tasnifu.

Basi tengeneza nakala ya mradi, ndipo uanze kuunganisha misimbo inayojirudia, na kabla ya kuunganisha hamishia maandishi ya memo zake mahali pamoja. Sura za msimamizi zitengenezee Static Sets, moja kwa kila sura. Seti inashika njia za mkato tu, hivyo “malipo” unaweza kukaa sura ya nne na ya tano bila kunakiliwa, na msimamizi akifungua anakuta mpangilio alioutaka.