Tumbo Linauma, Lakini Habari ni Nzuri

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu zahanati, akiwa amekunja uso kwa maumivu ya tumbo yaliyomkesha usiku kucha. Daktari, kijana mpole, alimwamkia, akaitikiwa "Marahaba, mwanangu", kisha akamuuliza, "Habari za tangu asubuhi, mama?" Shangazi akajibu bila kusita, "Nzuri tu." Daktari akavuta kalamu, akauliza, "Haya, nini kinakusumbua?" na hapo ndipo shangazi alipoeleza kwamba tumbo lilikuwa linamuua. Hakuna aliyeona kwamba mgonjwa amejipinga, kwa sababu maswali yale mawili, ijapokuwa yote yanauliza hali, si ya aina moja.

Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, aliyefanya utafiti katika visiwa vya Trobriand huko Papua, aliandika mwaka 1923 kwamba yapo maneno ambayo watu huyasema si kwa ajili ya kupashana fikra, bali kufunga uhusiano kwa kule kusemezana tu. Sisi tuna jina zuri la shughuli hiyo, "kujuliana hali", ingawa ukilitazama vizuri utaona kwamba hali yenyewe ndiyo isiyojulikana mwishoni mwake. Jibu limekwisha kupangwa kabla ya swali kuulizwa. Anayeambiwa "hujambo", yaani huna jambo lililokusibu, hujibu "sijambo" hata kama ana mambo kumi, na anayepewa pole hujibu "nimeshapoa" huku machozi hayajakauka.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba maamkizi ni maneno matupu. Ninavyoona mimi, yanabeba habari nyingi, ila haziko pale zinapoulizwa. Mojawapo hukaa mwishoni mwa jibu. Jirani akisema "Nzuri" na kunyamaza, mlango umefungwa na unaweza kuendelea na safari yako, akisema "Nzuri, ila..." au akalivuta lile "tuu" kwa sauti ya kushuka, anakualika uulize zaidi, nawe usipouliza utakuwa umemkosea. Angalia kwamba hata hapo "nzuri" hutangulia. Mtu aliyefiwa na mzazi wake jana anaweza kuanza na "Salama", ndipo aseme, "lakini baba hatunaye tena." Mgeni anayejifunza lugha hukosea hapa kwa namna mbili: ama huanza kumweleza mwenye duka jinsi alivyolala vibaya, ama hulisikia lile "ila" na kupita zake, akidhani kwamba ameshajibiwa.

Habari ya pili hukaa katika nani anayeanza. Mwaka 1974 mwanaisimu Judith Irvine alichapisha uchunguzi wake kuhusu maamkizi ya Wawolofu wa Senegali, akaonyesha kwamba kule mwenye hadhi ya chini ndiye anayetarajiwa kuanza kuamkia, na kwamba watu huitumia kanuni hiyo kwa hesabu: mtu anaweza kujishusha makusudi kwa kuwahi kuamkia, kwa kuwa anayekubali kuwa mkubwa hukubali pia kuombwa. Nilipousoma uchunguzi huo nilicheka, maana nilikumbuka "shikamoo" zetu. Neno hilo, ambalo asili yake ni tamko la kushika miguu ya mkubwa, halimwelezi anayeamkiwa chochote kuhusu afya ya mtu yeyote, bali humwambia amewekwa ngazi gani. Ndiyo maana kondakta mwenye mvi anaweza kumpa shikamoo askari wa barabarani aliye na umri wa mwanawe, naye askari, akiitikia "Marahaba" bila aibu, anakuwa tayari amekalishwa kwenye kiti cha mkubwa ambaye hapaswi kuwa mkali kwa mdogo wake. (Si kila askari hunasa, lakini wapo.)

Kwa sababu hiyo, maamkizi yanapokwenda mrama, ugomvi hauhusu ukweli wa kilichosemwa. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba fulani alimwambia habari zake ni nzuri kumbe alikuwa mgonjwa. Malalamiko ninayoyasikia ni kwamba fulani alipita bila kusalimu, kwamba aliamkia akiwa tayari ameshatupa mguu mbele, au kwamba alitoa "mambo" mahali palipostahili shikamoo. Hata kuongeza heshima kunaweza kuudhi. Wiki iliyopita sokoni nilimwamkia mwuza nyanya mmoja ambaye nilidhani amenipita miaka mingi. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akapanga mafungu yake upya, kisha akasema, "Shikamoo ya nini, kaka? Usinizeeshe. Sema mambo." Nikasema mambo, akajibu poa, na ndipo aliponitajia bei.