Nakivale: asimulie yaliyompata, au kwanza ajue hatima yake?

Mkongo anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, akiulizwa kinachomsumbua, mara nyingi hujibu kwa maneno mawili: mawazo mengi. Ndani ya maneno hayo kuna mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni yaliyompata Kivu. La pili ni yale asiyoyajua bado: mgao wa chakula wa mwezi ujao, au faili lake la kuhamia nchi ya tatu, lililokwama tangu Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mnamo Januari 2025. Hapo ndipo washauri nasaha wanapogawanyika. Wapo wanaotaka mtu asimulie yaliyopita hadi yapoteze makali, na wapo wanaoona kwamba kumfukulia mtu maiti zake wakati hajui kesho atakula nini ni kumwongezea mzigo.

Upande wa kwanza una ushahidi uliopatikana Nakivale kwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwashirikisha wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, na waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kwa wiki sita, si madaktari. Baada ya vikao sita vya kusimulia maisha kwa mpangilio, takriban asilimia 70 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe. Katika kundi lililofuatiliwa tu bila tiba, walikuwa asilimia 37. Wengi husahau namba ya tatu: waliopata ushauri wa kawaida, usiofuata utaratibu huo wa kusimulia, walifika asilimia 65. Kwa hiyo kusimulia kunasaidia, lakini si dawa pekee.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mshauri hutandaza kamba sakafuni iwe mfano wa maisha, naye mhusika huweka ua palipokuwa na jema na jiwe palipokuwa na baya. Katika vikao vinavyofuata husimulia tangu kuzaliwa, na akifika kwenye jiwe, mwendo hupunguzwa: uliona nini, mwili ulifanya nini, uliwaza nini, na sasa hivi hapa kwenye kiti unahisi nini? Swali hilo la mwisho ndilo linalomtenganisha na usiku ule. Kikao huchukua kama dakika 90 au zaidi, na hakifungwi mpaka hofu iliyopanda ishuke. Kosa kubwa hutokea hapa: chumba kinahitajika, au foleni ya chakula imeanza, na mtu anaachwa katikati ya jiwe. Akirudi nyumbani na jinamizi mbaya zaidi, harudi tena, na majirani wanaambiana kwamba ushauri unaharibu watu.

Upande wa pili nao una mfano wake, kutoka makazi ya Rhino Camp, kaskazini. Huko wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika majaribio ya mafunzo ya kukabili msongo: vikao vitano vya saa mbili, vikundi vya watu 20 hadi 30, sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha. Hakuna anayelazimishwa kusimulia chochote. Msongo ulipungua, lakini baada ya miezi mitatu nafuu ilikuwa ndogo kuliko ile ya mwanzo. Hilo halishangazi sana, kwa kuwa mafunzo ya kupumua na kutulia hayaongezi mgao.

Tuchukue mfano wa kubuni: mama wa miaka 34, usingizi hauji, moyo unadunda. Kabla ya kuchagua njia, aulizwe kwa wiki mbili mawazo yanakuja saa ngapi na yanaanzishwa na nini. Akishtuka kwa mlio wa pikipiki na kuota sura zilezile, hilo ni jiwe, na kusubiri faili lake lijibiwe kwanza ni kumnyima tiba. Lakini akilala vizuri hadi uvumi wa uhakiki mpya wa majina usambae, kamba na mawe havina cha kumfanyia. Huyo anahitaji mtu wa kumweleza faili lake limefikia hatua gani, hata kama jibu ni kwamba limesimama. Wengi watakuwa na yote mawili, na kwa maoni yetu jibu la faili litangulie kwa siku chache, kisha jiwe, kwa sababu mtu anayesubiri simu haingii vizuri katika simulizi.

Kuna mtego mmoja zaidi. Simulizi la tiba huandikwa, na mwisho mhusika hukabidhiwa. Watu husikia kwamba kuugua kunaharakisha kuhamishwa, basi wengine huogopa kupona, na wengine huomba karatasi hiyo iingie kwenye faili. Kumbukumbu za kiwewe huja vipande vipande, na tarehe hubadilika kadiri simulizi linavyokamilika. Mbele ya ofisa wa mahojiano, mabadiliko hayo husomeka kama uongo. Mshauri aseme tangu kikao cha kwanza, kabla kamba haijatandazwa, kwamba karatasi hiyo si ushahidi na haitoki chumbani bila ridhaa ya mwenyewe.